Tupeane uzoefu: Umepata kazi kwingine, mwajiri wako anakupandishia dau ubaki

Mhasibu Kariakoo: Ndugu zangu, mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi hapa Dar es Salaam na mshahara wangu kabla ya makato ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Kampuni nyingine imenipa ofa ya maandishi ya 2,400,000. Nilipomfahamisha meneja wangu, kabla sijaandika barua ya kuacha kazi, aliniahidi 2,500,000 nikibaki, ila nyongeza yote ya 700,000 itaingia kama posho ya majukumu. Waliowahi kupandishiwa dau namna hii, naomba mnieleze kilichofuata.

Mama Utumishi: Mdogo wangu, nimefanya kazi ya rasilimali watu kwa muda mrefu, na ningeanza na kile kitakachoingia mfukoni. Kwa kiwango chako, kila 100,000 inayoongezeka hukatwa 10,000 ya NSSF, kisha 30% ya kodi kwenye 90,000 inayobaki, kwa hiyo unapokea 63,000. Kwa 2,400,000 utapokea takribani 1,684,000, na kwa 2,500,000 utapokea 1,747,000, iwapo posho nayo inakatwa NSSF. Unachoongezewa ili ubaki ni 63,000 tu juu ya ofa ya wenzao.

Sasa tazama jina la fedha hiyo. Mshahara wako wa msingi utabaki palepale, na kiinua mgongo cha kupunguzwa kazi, yaani ule mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Posho ya majukumu hufuata majukumu. Niliwahi kubakizwa kwa posho ya aina hiyo, na bajeti mpya ilipoanza niliambiwa kazi zimegawanywa upya, posho ikaondoka kwa barua ya mistari mitatu. Mwombe meneja aandike nyongeza hiyo kama mshahara wa msingi. Akisita, umeshapata sehemu kubwa ya jibu lako.

Kaka wa Mwanza: Mimi naona dada anakuza mambo. Niliahidiwa kwa mdomo mbele ya mhasibu mkuu, nikabaki, na fedha ikaingia mwezi uleule. Shahidi akiwepo inatosha. Jambo la kuogopa ni barua ya kuacha kazi, kwa sababu ukishaikabidhi, kisheria huwezi tena kubaki.

Mama Utumishi: Kaka, nafurahi kwamba kwako waliheshimu neno lao, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri arekebishe maelezo ya maandishi ya ajira pale masharti yanapobadilika na kumjulisha mfanyakazi kwa maandishi, na shahidi wako anaweza kuhama kabla yako. Kuhusu barua, umepatia nusu. Huwezi kuifuta peke yako, lakini mwajiri akiridhia mnaweza kuiondoa, nawe udai ridhaa hiyo iandikwe.

Mwalimu Songea: Nami nafundisha shule ya serikali, na shule moja binafsi inanitaka kwa mshahara mkubwa zaidi. Je, nikimpelekea mkurugenzi wa halmashauri ofa hiyo, anaweza kunipandishia?

Mama Utumishi: Mwalimu, swali lako ni tofauti kidogo. Ngazi za mishahara ya serikali hupangwa kitaifa, kwa hiyo mkurugenzi hana fungu la kushindana na ofa hiyo.

Binti Tanga: Mimi nilibaki na nimeridhika, ila sikuomba fedha. Kilichokuwa kinanifukuza ni kuripoti kwa mabosi wawili wenye maagizo yanayogongana. Nilimweleza mkurugenzi hilo waziwazi, akabadilisha muundo kwa barua kabla sijaijibu ile kampuni nyingine. Mhasibu, kama ofa ya nje isingekuja, ungekuwa unalalamikia nini hapo ulipo?

Mhasibu Kariakoo: Ahsante sana, dada. Ninalalamikia kufunga hesabu za matawi matatu peke yangu, na hilo meneja hakuligusa. Hofu yangu ni ugeni, kwa sababu huku nina miaka sita.

Mama Utumishi: Hofu hiyo ina msingi. Mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hana ulinzi uleule wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na kule utaanza upya. Usiandike barua kabla hujasaini mkataba wao, kisha toa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, au zaidi kama mkataba wako unasema hivyo. Ukiondoka bila kuitumikia, mwajiri anaweza kukata mshahara wa kipindi hicho kwenye stahiki zako.

Kaka wa Mwanza: Miaka sita si kitu cha kutupa kwa sababu ya dawati jipya. Mimi bado nasema abaki.

Mhasibu Kariakoo: Nimemwandikia meneja kuuliza mambo mawili: nyongeza iwe mshahara wa msingi, na aajiriwe msaidizi wa matawi. Wale wengine wanataka jibu Ijumaa.