Amenikalisha chini mbele ya darasa zima kwa sababu ya neno "tajiri"

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)

Ndugu zangu, nimetoka huko sasa hivi na hasira haijashuka. Simtaji jina, kwa maana kila aliyepita kwenye masomo yake ya jioni ya Kiarabu anamjua kwa sauti yake, ambayo akikohoa hapa inasikika hadi Kasumbalesa. Leo alitugawia karatasi yenye Kiswahili upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, akatuambia kwamba Mswahili amezaliwa anajua nusu ya Kiarabu, hivyo tuyapeleke maneno yetu kama yalivyo. Mfano wa kwanza ulikuwa "jirani yangu ni tajiri", na mkabala wake ameandika "jirani tajir".

Nilinyoosha mkono kwa adabu. Nilisema kwamba kwa Mwarabu tajir ni mfanyabiashara, hata awe amefilisika, na kwamba mwenye mali anaitwa ghani. Nikaongeza kwamba jirani mmoja kwao ni jar, na kwamba hilo "jirani" la kwenye karatasi Mwarabu analisikia kama "majirani zangu", wote kwa pamoja. Akanijibu: "Kaa chini. Kiswahili chako ni cha sokoni."

Kaa chini! Mimi, baba wa watoto, nakalishwa chini mbele ya vijana ninaoweza kuwazaa!

Na ushahidi ulikuwa umekaa benchi la mbele. Mwenzetu mmoja alimweleza Mlebanoni mwenye duka mjini kwamba jirani yake ni tajir, akikusudia mzee anayeishi kwa kodi za nyumba zake. Mlebanoni akauliza mzee huyo anauza nini na duka lake liko wapi. Kijana akadhani hakusikika, akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akaulizwa tena kuhusu bidhaa. Ukimsifu mtu kwa utajiri ukaulizwa bidhaa, ujue neno limekugeuka. Haya yote nilitaka kuyasema, nikaambiwa kaa chini.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Pole, yaya. Lakini kosa ni letu sisi Wakongo, tumeyaharibu maneno. Kule pwani yamebaki na maana yake ya Kiarabu.

Mzee wa Kasongo

Hapana, mwanangu. Hata Unguja tajiri ni mwenye mali. Wafanyabiashara wa pwani walioileta lugha hii hadi Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 ndio hao hao waliokuwa na mali, kwa hiyo ilikuwa rahisi maana mbili kukaa ndani ya mtu mmoja, kisha ile ya mali ikaishinda ile ya biashara. Dereva wa Tanzania akisema "tajiri wangu" anamkusudia mwenye gari, awe na duka au asiwe nalo. Ila wewe wa Katuba, hakuna anayemsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Ungemngoja mlangoni.

Mama wa Ndosho (Goma)

Hilo la tajiri ni dogo, wanangu. Mimi nilikwenda Dubai kuchukua bidhaa, nikaingia kwenye mkahawa, nikanyoosha mkono na kumwambia mhudumu "tafadhal, maji". Akautazama mkono wangu akitafuta ninampa kitu gani! Kumbe kwao anayesema tafadhal ni yule anayetoa au anayemkaribisha mgeni, kama sisi tunavyosema karibu. Anayeomba anasema min fadhlak.

Mpangaji

Huyo mzee mwenye nyumba za kupangisha yuko mtaa gani? Natafuta vyumba viwili.

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)

Mama, pole kwa hayo, lakini wewe hakuna aliyekuambia kaa chini!

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Na mimi nina langu. Mdogo wangu aliandika kwa Kiarabu kwamba somo ni rakhis, akapigwa mstari mwekundu bila maelezo. Si ni rahisi?

Mzee wa Kasongo

Rakhis kwao ni kitu cha bei ndogo, na likisemwa juu ya jambo lisilouzwa linageuka dharau. Amemwambia mwalimu kwamba somo lake halina thamani. Somo jepesi ni sahl.

Mama wa Ndosho (Goma)

Basi nikimwambia mwuzaji wa Dubai kwamba kwa jirani yake bei ni rakhis, ataelewa?

Mzee wa Kasongo

Ataelewa, mama, kwa sababu kwenye bei maana haikuhama. Ila ukikasirika usimwambie una hasra, kwa maana hiyo kwao ni huzuni na majuto, naye ataanza kukupa pole. Sema ghadhab.

Kijana wa Kadutu (Bukavu)

Mimi habari ya pwani bado sijaikubali. Nina binamu Mombasa, nitamuuliza.