Dini huleta vita, au hutambulisha tu kambi?

Zawadi: Kila vita nikivisikia, huku dini hii, kule dini ile. Kwa nini tusikubali tu kwamba dini ndiyo inayoleta vita?

Mshamu: Chukua Ayalandi ya Kaskazini, maana haikosi kutajwa. Wakatoliki na Waprotestanti, wafu wapatao 3,500 hadi mapatano ya amani ya 1998. Sasa tazama waligombania nini. Juni 1968, katika kijiji cha Caledon, halmashauri ilimpa nyumba binti wa Kiprotestanti wa miaka 19, hajaolewa, na familia za Kikatoliki zenye watoto zinasubiri. Mbunge Austin Currie akaingia humo akagoma kutoka mpaka polisi wakamtoa. Nyumba haikuwa paa tu: mtu mzima aliyeishi kwa wazazi hakuwa na kura ya halmashauri. Ukinyima nyumba, umenyima kura. Na mapatano ya 1998 yanazungumzia madaraka, wafungwa, silaha, polisi, na kama nchi ibaki chini ya Uingereza. Kuhusu Papa, hakuna neno.

Rehema: Basi dini haina hatia. Rwanda 1994 wauaji na waliouawa walisali kanisa moja.

Mwalimu Neema: Hapo umeruka, dada. Rwanda inaonyesha watu huweza kuchinjana bila kutofautiana dini. Haionyeshi kwamba dini haisababishi kamwe.

Salumu: Mimi mjomba wangu alisusia harusi ya dada yangu kisa dini ya bwana harusi. Halafu mniambie dini haigombanishi!

Mshamu: Pole, ndugu yangu, ila huyo mjomba hakuunda jeshi. Tunauliza kinachotoa watu kwenye kununiana hadi kwenye bunduki.

Mwalimu Neema: Mshamu, kipimo chako nakikubali: ondoa tofauti ya imani, mengine yabaki, uone kama ugomvi unakufa. Ayalandi haufi. Lakini kipeleke Iraki, 2014. Daesh, kundi la silaha lililojiita Dola la Kiislamu, walipouteka mji wa Mosul waliwapa Wakristo masharti: kusilimu, kulipa jizya, yaani kodi ya wasio Waislamu, kuhama au kuuawa. Agosti walipofika Sinjar, Wayazidi, watu wenye dini yao ya kale, hawakupewa hata nafasi ya jizya, kwa kuwa walihesabiwa washirikina. Wanaume wakauawa, wanawake wakauzwa utumwani. Ardhi haielezi tofauti hiyo. Fundisho, tena lile ambalo wanazuoni wengi wa Kiislamu walilipinga, ndilo lililoamua nani afanywe nini.

Mshamu: Na nani aliwapa Daesh nafasi? Dola ya Iraki iliyovunjwa na uvamizi wa Marekani 2003, na Wasuni waliojiona wametupwa nje.

Mwalimu Neema: Hiyo inaeleza kwa nini walipata nguvu wakati ule. Haielezi soko la wanawake.

Zawadi: Kwa hiyo jibu ni ndiyo au hapana?

Mshamu: Inategemea unauliza nani alianza au nani alikufa. Rudi Ayalandi, umtazame Ian Paisley, mchungaji wa Kiprotestanti aliyeanzisha kanisa lake 1951. Mwaka 2007 aliunda serikali na Martin McGuinness, Mkatoliki aliyewahi kuwa kamanda wa IRA, jeshi la siri lililopigana kuitoa Ayalandi ya Kaskazini kwa Uingereza. Mahubiri hayakubadilika, hesabu za siasa ndizo zilizobadilika.

Mwalimu Neema: Na miaka yote ile aliyokataa kupatana, pamoja na hiyo 1998, ilikuwa hesabu tu? Mimi siamini.