Naomba ushauri: mkataba unaisha, nimwandikieje wakala?

Wakuu, habari za leo. Niko Arusha, nafanya kazi ya muda kwenye shamba la maua Usa River, upande wa kufungasha. Mwajiri wangu kwenye mkataba ni wakala, na unaisha mwisho wa mwezi. Cheti cha utumishi ni haki yangu kwa Sheria ya Ajira ya 2004, ila hicho hakisemi nafanyaje kazi. Nataka na barua ya mapendekezo. Anayeijua kazi yangu ni msimamizi wa shambani, wakala hajawahi kuniona mezani.

Nimeandika hivi: “Dada, shikamoo. Mkataba wangu unaisha tarehe 30. Naomba barua ya mapendekezo. Msimamizi yuko tayari kuthibitisha. Pia niko huru kuanzia tarehe 1, hata Moshi.”

Niombe barua na kazi nyingine pamoja, au barua kwanza?