Naomba ushauri: nihamie Klipper au nibaki na Marlin?

Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini, nina printa ya 3D, Ender 3 yenye programu ya Marlin, kwa mwezi wa nne sasa. Nikiongeza kasi, kona za kazi zinavimba. Naitamani Klipper kwa sababu ya `pressure_advance`, inayopunguza msukumo wa plastiki kabla ya kona. Marlin nayo ina Linear Advance, ila kwangu kuiwasha ni kujenga programu nzima upya. Klipper unahariri `printer.cfg`, unaandika `RESTART`, basi.

Hesabu za kuhamisha nimeshaanza: `M92 E93` yangu inakuwa 200 × 16 ÷ 93, yaani:

```
rotation_distance: 34.41
```

Hofu yangu ni umeme. Juzi ulikatika saa ya tano ya kazi. Uliporudi Marlin iliendelea kutoka kwenye kadi, ukabaki mstari mwembamba tu ubavuni. Klipper haiji na uwezo huo, na Raspberry Pi inayoiendesha ikizimika ghafla, kadi yake inaweza kuharibika. UPS ndogo ya Pi italinda kadi, lakini kazi itapotea.

Wenye uzoefu, kwa mgeni kama mimi, ninunue Pi sasa au nijifunze kwanza kujenga Marlin upya?