Hesabu inaniambia dramu nyuzi 150, kipimo kinasoma 270. Kosa liko wapi?

Kalibu
Wakuu, naomba msaada maana nimekwama na muda hauniruhusu. Nina lori dogo, na mzigo wake linafika kilo 5,000. Breki ni dramu magurudumu yote manne, kila dramu kilo 20 hivi. Nimefanya jaribio la kusimama mara 10 kutoka kilomita 60 kwa saa hadi sifuri, kila baada ya dakika 2. Hewa ilikuwa nyuzi 30. Hesabu niliyotumia ni hii:

```
E   = 0.5 * m * v^2
dT  = E / (M * c)
T_n = T_hewa + dT * (1 - r^n) / (1 - r)
```

Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde, kwa hiyo nishati ya kila kusimama ni kilojouli 694. Dramu zote ni kilo 80, na kilo moja ya chuma cha kusubu nimeihesabia jouli 500 kwa kila nyuzi. Kila kusimama kunapandisha nyuzi 17.4. Kupoa nilikupima: dramu ilishuka kutoka 200 hadi 185 ndani ya dakika 2 gari likitembea bila kugusa pedali, kwa hiyo r ni 155 gawanya kwa 170, yaani 0.912. Baada ya mara ya 10 nategemea nyuzi 149. Bunduki ya joto inasoma 270. Je, bunduki ni mbovu, au ile 500 si sahihi?

Mzee wa Giaboksi
Tatizo lako ni dereva, si hesabu. Tumia gia ya chini kupunguza mwendo, breki iwe ya kumalizia tu. Vijana mnakanyaga breki kama mnaua nyoka.

Kalibu
Mzee, shikamoo. Hili ni jaribio, nilikanyaga makusudi gia ikiwa huru. Swali langu ni joto.

Chesisi
Mimi pikapu yangu gurudumu moja la nyuma linachemka hata nisipofunga breki, mengine baridi kabisa. Labda ni ugonjwa mmoja na wako?

Binti Ekseli
Chesisi, lako ni kiatu kisichorudi: springi ya kurudisha imelegea au kebo ya breki ya mkono imeganda. Inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, utasikia likikwaruza. Hilo halihusiani na kusimama mara kwa mara.

Kalibu, bunduki ulielekeza wapi, na baada ya sekunde ngapi? Mahali palipong'aa kwa kukerezwa husoma chini ya joto halisi, mahali penye kutu husoma karibu na ukweli. Na joto huzaliwa upande wa ndani. Kuvuka ukuta wa milimita 12 linahitaji kama sekunde 10. Ukipima mara tu gari linaposimama, nje bado hakujapata habari za ndani.

Kalibu
Nilipima nje, penye kutu, sekunde 20 baada ya kusimama. Kila mara nukta ileile niliyoiwekea alama ya chaki.

Binti Ekseli
Basi bunduki tuiache, haina kosa. Na chuma cha kusubu huwa kati ya 460 na 540, hakiwezi kukukosesha zaidi ya asilimia 10. Sasa angalia jambo hili: ulitegemea ongezeko la 119 juu ya hewa, umepata 240. Hiyo ni mara mbili, karibu kamili. Makosa ya vipimo hayaji mara mbili kamili. Ukiona mara mbili, tafuta kitu kilichogawanywa nusu. Dramu za mbele zilisoma ngapi?

Kalibu
Za mbele sikuzitilia maanani. Nilikuwa nafuatilia za nyuma.

Binti Ekseli
Sikuulizi ulifuatilia zipi. Zilisoma ngapi?

Spana 13
Huku tukingoja: dramu nyembamba hupoa haraka kuliko nene. Ikerezwe kidogo, joto litapungua.

Kokotoo
Spana 13, nusu ya maneno yako ni kweli. Nyembamba hupoa haraka kwa sababu haina akiba ya joto. Lakini ukosefu huohuo wa akiba ndio unaofanya kila kusimama kuipandishe zaidi. Toa robo ya uzito wake, ile 17.4 inakuwa 23. Kwa vituo vya dakika 2 hupati muda wa kufaidi kule kupoa haraka. Na ukuta mwembamba hufunguka zaidi unapokandamizwa na viatu.

Spana 13
Na kukanyaga polepole? Joto si litapungua?

Kokotoo
Jumla haibadiliki. Kilojouli 694 ni zilezile ukisimama kwa sekunde 4 au 8. Kinachopungua ni joto la ngozi ya ndani, pale kiatu kinapogusa, kwa sababu joto linapata nafasi ya kuzama. Viatu vinapumua kidogo. Mwili wa dramu unafika palepale.

Kalibu, hilo limenikumbusha: ulipima muda wa kusimama?

Kalibu
Mara ya kwanza sekunde 7.5. Ya kumi 9.5.

Kokotoo
Gari la dramu nne lililo salama, kwenye lami kavu, ningelitegemea lipunguze mita 4 kwa sekunde kila sekunde. 16.7 gawanya kwa 4 ni sekunde 4.2, na umbali mita 35. Sekunde 7.5 ni mita 63. Hapa tena unakosa karibu nusu. Joto mara mbili, nguvu ya kusimamisha nusu. Ekseli yako ya mbele haifanyi kazi.

Kalibu
Sawa. Za mbele zilisoma 34.

Silinda ya gurudumu la mbele kushoto inavuja. Nilipoliziba lile peke yake gari likawa linavutwa kulia kila nikikanyaga, basi nikaziba bomba la mbele lote. Ni kwa muda tu, silinda imeagizwa. Keshokutwa nina safari moja ya vituo 18. Pedali inashika vizuri mwanzoni, ndiyo maana sikuona sababu ya kulitaja.

Mzee wa Giaboksi
Hukuona sababu? Umeuliza kwa nini mtungi hauna maji na umeficha kwamba una tundu. Usilitoe gari hilo, mwanangu.

Shaka
Mimi nasema hii ni chai. Weka dramu mbili kwenye fomula yake: kilo 40, ongezeko 34.7 kila mara, baada ya mara 10 unapata 267. Karibu kamili! Barabarani hakuna namba zinazotii hivyo. Huyu ana swali la darasani, amelivalisha lori.

Kalibu
Ile 270 ni wastani. Daftari linasema hivi, kushoto kisha kulia. Mara ya kwanza 62 na 66. Ya tano 171 na 184. Ya kumi 261 na 278. Kuanzia ya saba harufu ilitoka na pedali ikaanza kushuka kabla ya kushika.

Shaka
Daftari linaweza kuandikwa jioni nyumbani. Kulia kuzidi kushoto kila mara ni pambo.

Binti Ekseli
Shaka, sikubaliani nawe, na sababu yangu ni zile sekunde. Mwenye swali la darasani angeandika muda mmoja kwa mara zote kumi. Huyu ana 7.5 ikawa 9.5, na ndivyo bitana zinavyopoteza msuguano zikipanda juu ya nyuzi 250 hivi. Harufu ni ya gundi iliyounganisha bitana ikianza kuungua. Na pedali kushuka kuna maelezo yake: dramu ya milimita 300 ikipanda nyuzi 240 inatanuka karibu milimita 0.8 za kipenyo. Dramu inavikimbia viatu, na pedali ndiyo inayofidia. Kuhusu kulia na kushoto sijui bado.

Hiyo si sawa na pedali ya kuchemka kwa mafuta, tusichanganye. Ya kutanuka hushuka kisha ikashika ngumu, na dramu ikipoa hurudi yenyewe. Ya mafuta huwa laini kama sponji, na ukikanyaga haraka mara mbili tatu ndipo inapanda. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishavuta unyevu kipimo chake ni 140 tu. Silinda haifiki joto la dramu, ila ukiegesha gari mara baada ya kazi ngumu joto linaendelea kuingia kwenye silinda na hakuna upepo wa kuliondoa.

Kalibu
Ile yangu ilishika ngumu, kwa hiyo mafuta bado. Na kuhusu safari nimeshafikiri. Nitakwenda 40 badala ya 60. Nishati inashuka hadi asilimia 44, ongezeko nyuzi 15.4 kila mara. Hata vituo viwe 100, kikomo ni 15.4 gawanya kwa 0.088, yaani 175, na hewa 30, jumla 205. Hapo ni chini ya 250.

Kokotoo
Kwa joto, hesabu yako inakaribia ukweli, ingawa kwa 40 upepo ni mdogo na r yako ilipimwa kwa mwendo mwingine. Itasogea juu, pengine si sana. Kwa 60 ungekuwa kwenye 350 kituo cha 18.

Lakini umejibu joto tu. Ukikanyaga, uzito unahamia mbele, mahali usipo na breki, na nyuma kunakuwa kwepesi. Lami ikilowa magurudumu ya nyuma yatafunga na mkia utapita mbele. Pili, mifumo imetenganishwa mbele na nyuma ili mmoja ukipasuka mwingine ubaki. Wako wa akiba umeuziba kwa mkono wako. Silinda moja ya nyuma ikivuja, hakuna breki. Kipimajoto hakiwezi kukuonyesha hilo.

Spana 13
Kwani akibeba ndoo ya maji, dramu ikichemka anaimwagia?

Binti Ekseli
Hapana. Chuma cha kusubu kikipoozwa ghafla hupasuka, na ufa huanzia ndani usikoona.

Kalibu, ukifungua breki nyuma, angalia bitana. Zikiwa zimeng'aa kama kioo, wengine huzipiga msasa na kuzirudisha. Mimi baada ya harufu nazibadilisha pande zote mbili.

Kokotoo
Mimi ningezipiga msasa kama hazina nyufa na unene unatosha. Harufu ya mara ya kwanza hutokea hata kwenye bitana mpya.

Binti Ekseli
Kwenye mpya, ndiyo. Hizi si mpya. Hapo hatutaafikiana. Ila pima na kipenyo cha dramu, kila upande mahali patatu.

Kalibu
Safari nimemwachia mwenzangu mwenye gari lingine. Nimefungua nyuma. Bitana zimeng'aa pande zote mbili, ufa hakuna. Dramu zimeandikwa MAX 302 mm. Kushoto nimepata 300.6. Kulia 302.3, imekerezwa, mistari ya mashine inaonekana bado.

Shaka
Kulia ndiyo iliyosoma 278?

Kalibu
Ndiyo. Kulia.