Tupeane uzoefu: Kiloga kimekutwa kwenye mashine ya saiba, wateja waambiweje?

Mwalo
Wadau, kisa ni hiki. Fundi wa saiba moja Nakuru alikuwa akibadilisha kibodi ya mashine namba 4. Nyuma ya sipiyu akakuta kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, kimechomekwa kati ya waya wa kibodi na tundu la USB. Ni kiloga, kinanasa kila herufi inayobonyezwa. Mashine hiyo watu huifungulia iTax, eCitizen, HELB na barua pepe. Mwenye saiba anataka kitupwe na kazi iendelee. Fundi anataka wateja wajue. Aanzie wapi?

Swichi
Aweke Deep Freeze. Mashine ikizimwa na kuwashwa, uchafu wote unafutika. Pia wateja watumie kibodi ya kwenye skrini.

FundiWaya
Swichi, Deep Freeze hurudisha diski ilivyokuwa. Kidude hiki hakipo kwenye diski. Kina kumbukumbu yake chenyewe, ndiyo maana antivairasi haikioni na Task Manager haionyeshi kitu. Kibodi ya skrini kweli inakikwepa, kwa sababu kinasoma waya tu. Lakini kiloga cha programu kinaweza kupiga picha za skrini, na hapo kubofya kwa mausi hakukuokoi.

Fundi azime mashine, akipige picha kikiwa mahali pake, aandike tarehe na saa, kisha akitoe na kukifunga kwenye bahasha. Asikichomeke kwingine ili aone kilichomo. Ndani mna nywila za watu, na akishazisoma naye anakuwa wa kuulizwa. Apeleke polisi, apewe namba ya OB. Halafu akague nyuma ya mashine zote, maana aliyeweka kimoja huenda aliweka vingine.

Picha za kamera zisifutwe. Kidude cha kawaida humlazimu mwenyewe arudi kukichukua. Vipo vyenye Wi-Fi ambavyo husomwa kutoka nje ya duka, basi asiyeonekana akirudi si lazima awe ameshindwa.

Bibi Nyaraka
Na wateja wangu wanaotumia Wi-Fi kwa simu zao? Niwaambie pia?

FundiWaya
Hapana, dada. Simu haikupita kwenye waya ule. Ukiwatisha wote, yule aliyekaa namba 4 hatajua kwamba ni yeye anayeambiwa.

Karani wa Saiba
Tatizo la kweli ni kuwapata. Programu ya kuhesabu muda inaonyesha mashine na saa, majina hakuna. Lakini wengi hutuma faili za kuchapishwa kwa WhatsApp au barua pepe ya saiba, na humo namba zao zimo. Aandikie mmoja mmoja. Akifungua kundi, wateja wataonana namba. Wasiopatikana wabandikiwe tangazo mlangoni na juu ya mashine yenyewe.

Kipindi kihesabiwe tangu siku ya mwisho ambayo kuna uhakika nyuma palikuwa safi. Kama haijulikani, isemwe hivyo. Ujumbe uwe kama huu:

"Tumekuta kifaa cha kunasa maandishi kwenye mashine namba 4. Ikiwa uliitumia kabla ya leo, nywila ulizoandika huenda zimechukuliwa. Zibadilishe kwa simu yako mwenyewe, si kwa mashine ya saiba. Anza na barua pepe."

Swichi
Kwa nini barua pepe kwanza? Si aanze na iTax, ndiko kwenye mambo ya kodi?

Karani wa Saiba
Kwa sababu anayeshika barua pepe yako anabofya "nimesahau nywila" na iTax mpya inamfuata. Ukishabadilisha, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, kisha angalia namba ya simu ya kurejesha akaunti na kama barua zinapelekwa kwingine kimyakimya. PIN ya M-Pesa huandikwa kwenye simu, kwa hiyo haikunaswa, ila kama ulitumia tarakimu zile zile mahali pengine.

Mwalo
Na sheria?

FundiWaya
Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 pale data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara. Mwenye saiba atasema data si yake, mteja ndiye aliyeiandika. Mimi nasema aarifu.

Bibi Nyaraka
Sikubaliani moja kwa moja. Nywila za iTax hatuzihifadhi sisi. Hapo ningemuuliza wakili kwanza.

FundiWaya
Muulize, lakini saa 72 zinaanza kuhesabika ukishajua, si wakili akishajibu.

Karani wa Saiba
Kuna kundi mnalolisahau: wazee waliofunguliwa barua pepe na sisi wahudumu, na namba ya kurejesha ikawekwa ya saiba. Hao hawawezi kubadilisha peke yao. Waitwe, wakae na mhudumu, namba yao iwekwe, nywila waandike wao kwa simu. Ambaye barua pepe imeshapotea, aende dawati la KRA Huduma Centre na kitambulisho, barua pepe ya iTax ibadilishwe pale.

Bibi Nyaraka
Na asiye na simu ya intaneti?

Karani wa Saiba
Aje na mtu wa nyumbani mwenye nayo. Kwa hilo sijaona njia nyingine.