Sekunde 25 au dakika 9 kwa picha moja: nibaki na kompyuta yangu au nihamie kwenye foleni ya mtandaoni?

MchoraUsiku
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kulinganisha njia mbili kabla sijatoa fedha. Ninatengeneza picha za majalada kwa SDXL, modeli ya akili bandia inayochora picha kutokana na maneno, kwenye kompyuta yangu, ambayo kadi yake ya picha ina kumbukumbu ya jigabaiti 8. Picha ya pikseli 1024 kwa 1024, kwa hatua 30, hutoka baada ya sekunde 25 hivi, wala sina malalamiko. Juzi mteja alitaka picha kubwa zaidi, nikaweka 1536 kwa 1536 bila kugusa kitu kingine, nikangoja dakika 9. Njia ya pili ni huduma ya mtandaoni, lakini huko nako nimewahi kungoja karibu dakika 2 kwa picha ndogo tu. Je, ipi inafaa, na kwa nini ongezeko lile la ukubwa limenila muda wote huo?

MpitaNjia
Pima kwanza kasi ya mtandao wako. Picha kubwa ni faili kubwa, na faili kubwa huchelewa kushuka.

MchoraUsiku
Ahsante, mwenzangu, ila hizo dakika 9 ni za kwenye kompyuta yangu mwenyewe. Modeli imo kwenye diski, na hata nikichomoa waya wa mtandao hali ni ileile.

HesabuZaJioni
Hesabu haidanganyi. Upande umeongezeka mara moja na nusu, kwa hiyo pikseli zimeongezeka mara 2.25, na sekunde 25 zilipaswa kuwa kama 56. Ikiwa umengoja dakika 9, kadi hiyo imechoka au inapata joto kupita kiasi. Iuze mapema.

FundiSanifu
Asiiuze bado. Hesabu ya pikseli ni sahihi, lakini muda haupandi kwa kuufuata mstari huo peke yake. Modeli ya aina hii haichori kuanzia kona moja hadi nyingine. Huanza na chengachenga tupu, na katika kila hatua kati ya zile 30 huipitisha picha nzima ndani ya mtandao wake wote wa neva, na kwa mipangilio ya kawaida huipitisha mara mbili, yaani mara moja kwa kufuata maneno uliyoandika na mara nyingine bila kuyafuata. Kazi hiyo hufanyika juu ya picha iliyofinywa, ambayo kila upande umegawanywa kwa 8, kwa hiyo 1024 huwa 128 na 1536 huwa 192. Ndani ya mtandao huo zipo sehemu ambazo kila doa la picha hulinganishwa na kila doa jingine, na gharama ya sehemu hizo hukua kwa mraba wa idadi ya madoa: madoa yakiwa mara 2.25, ulinganishaji huwa mara 5 hivi. Kwa kuwa si mtandao wote uliojengwa hivyo, ningetarajia ungoje kati ya dakika moja na dakika mbili. Zile dakika 7 zilizobaki hazikuliwa na hesabu. Hebu tuoneshe mstari wa maendeleo ulikuwa unasomekaje.

MchoraUsiku
Huu hapa, wa kwanza ni wa 1024 na wa pili ni wa 1536:

```
30/30 [00:25<00:00, 1.20it/s]
30/30 [09:00<00:00, 18.00s/it]
```

Nakiri kwamba nilipoona 18 nilifurahi, nikidhani kompyuta imekimbia zaidi.

FundiSanifu
Wengi hunaswa hapo. Kasi ikishuka chini ya hatua moja kwa sekunde, mstari huo hugeuza kipimo: `it/s` ni hatua ngapi kwa sekunde, na `s/it` ni sekunde ngapi kwa hatua moja. Sekunde 18 mara hatua 30 ni 540, ndizo dakika zako 9.

Sasa tutazame kumbukumbu. Mtandao mkuu wa SDXL una vigezo bilioni 2.6, na kila kimoja kikihifadhiwa kwa baiti 2, tayari ni jigabaiti 5.2. Ongeza sehemu zinazosoma maneno, ongeza kinachochukuliwa na skrini yako, kisha nafasi ya kufanyia hesabu za picha yenyewe, ambayo hupanda pamoja na ukubwa wa picha. Ukiwa kwenye 1024 unapita kwa kubana pumzi. Ukifika 1536 unafurika. Zamani programu ingekatika kwa kosa la kumbukumbu kujaa, lakini tangu 2023 draiva za NVIDIA kwenye Windows huhamishia ziada hiyo kwenye kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta. Kazi haikatiki, ila kila hatua inalazimika kuvuta data kupitia njia iliyo nyembamba mara nyingi kuliko ile ya ndani ya kadi. Kuthibitisha ni rahisi: fungua Task Manager wakati picha inatengenezwa. Ukiona "Dedicated GPU memory" imejaa na "Shared GPU memory" inapanda, umempata mwizi wako.

Mimi binafsi huizima tabia hiyo katika mpangilio wa "CUDA - Sysmem Fallback Policy", kwa sababu afadhali kosa la sekunde 5 kuliko subira ya dakika 9.

BiKalamu
Mimi nilishahama kwenda mtandaoni, na sishauri mtu anifuate. Jioni moja niliambiwa kuna maombi 14 mbele yangu, nikangoja zaidi ya dakika 5. Siku nyingine niliamka alfajiri nikakuta hakuna foleni kabisa, na bado picha ya kwanza ilichukua karibu dakika nzima, ilhali ya pili ilichukua sekunde 9. Naamini wanatuchelewesha makusudi sisi tusiolipa.

FundiSanifu
Kwamba wanaolipa hutangulizwa, hilo ni la kawaida, Bi Kalamu, lakini uliyoyaeleza yanaweza kutokea bila hila yoyote. Tuseme kuna mashine 2 na kila ombi huchukua sekunde 12: maombi 14 yataisha kwa sekunde 84. Kila aliye mbele yako akiomba picha 4 kwa mkupuo, zinakuwa sekunde 336, na namba 14 kwenye skrini haikwambii hilo. Alfajiri nako mashine isiyo na kazi huenda ilikuwa imezimwa, au imeondoa modeli kwenye kumbukumbu. Modeli yenye vigezo bilioni 12, kama FLUX.1, ni jigabaiti 24 kwa baiti 2 kila kigezo. Diski inayosoma megabaiti 500 kwa sekunde inahitaji sekunde 48 kuipakia kabla doa la kwanza halijachorwa.

Ukitaka kujua unangoja foleni au unangoja hesabu, omba picha ileile kwa ukubwa mdogo kisha mkubwa, saa ileile. Muda usipobadilika sana, ni foleni.

MchoraUsiku
Nimerudi. Task Manager imeonesha kama alivyosema Fundi. Nimetengeneza picha kwa 1024, kisha nikaikuza vipande vipande hadi 1536, na jumla imekuwa sekunde 70. Uso umetoka vizuri, ila maandishi madogo ya kwenye kitambaa yamekuwa mazito kuliko yalivyokuwa.

HesabuZaJioni
Basi nunua kadi ya jigabaiti 12, umalize.

FundiSanifu
Kwa SDXL itatosha. Akihamia FLUX.1 itafurika tena, labda atumie toleo lililopunguzwa hadi biti 4, ambalo mtandao wake mkuu hushuka hadi jigabaiti 6 hivi, bila kuhesabu kisoma maneno chake, ambacho nacho ni kikubwa.

BiKalamu
Na hilo lililopunguzwa, maandishi madogo linayachora sawasawa na lile kamili? Niliwahi kulijaribu, herufi zikanipotea, ila sijui kama kosa lilikuwa la modeli au la hatua 4 nilizoweka.

MchoraUsiku
Nitajaribu kwa hatua 20 na maneno yaleyale, niweke zote mbili hapa.